Kubiki ngapi, toroli ngapi: hesabu ya udongo wa matuta matatu ya tofali

*"Nipo Kigamboni, kiwanja changu ni mchanga mtupu. Fundi amenijengea matuta matatu ya tofali za inchi 6, kila moja mita 3 kwa mita 1.2, kimo tofali mbili. Nimezidisha nikapata kama kubiki 5. Muuzaji wa udongo anasema kenta yake inabeba kubiki 3, ambazo kwake ni sawa na tani 3, kwa hiyo nichukue tripu mbili. Gari halifiki kwangu. Vijana watasomba kwa toroli kutoka barabarani na wanataka walipwe kwa kila toroli. Mmoja anasema kubiki moja ni toroli 10, mwingine anasema 20. Nataka kuchanganya na mboji. Ninunue kiasi gani, na nijiandae kulipia toroli ngapi?"*

Dada yangu, usimpigie muuzaji simu bado. Kwa vipimo ulivyotaja, udongo na mboji kwa pamoja ni kama kubiki 3 na nusu. Katika hizo, udongo wa kenta ni kama kubiki 2.3 tu. Tripu moja inatosha, na toroli zitakuwa kati ya 50 na 55 kama zinajazwa vizuri. Umezidisha sawasawa kabisa. Tatizo lipo mahali tepu ilipowekwa, na hapo ndipo wengi hupotezea pesa.

Fundi akisema tuta ni mita 3 kwa 1.2, karibu kila mara anataja vipimo vya nje, kwa sababu kamba zake alizivuta nje ya ukuta. Lakini udongo unakaa ndani. Tofali la inchi 6 lina unene wa sentimita 15, na kila upande una ukuta wake, kwa hiyo unapoteza sentimita 30 kwenye urefu na sentimita 30 nyingine kwenye upana. Mita 3 inabaki 2.70. Mita 1.2 inabaki 0.90. Ukizidisha vipimo vya nje unapata eneo la mita za mraba 3.6, na ukizidisha vya ndani unapata 2.43. Theluthi nzima ya tuta lako ni tofali, wewe ulikuwa unataka kuinunulia udongo.

Kosa hili linauma zaidi kwenye matuta membamba ya tofali kama yako. Jirani yako akijenga tuta la ukubwa huohuo kwa mbao za inchi moja, akipima nje atakosea kwa kiasi kidogo tu, kama sehemu 6 katika 100, na huenda asitambue. Kwa tofali huwezi kulipuuza. Ingia na tepu, pima kutoka uso wa ndani wa ukuta hadi uso wa ndani wa ukuta wa pili, na kama fundi amepiga plasta ndani, pima baada ya plasta. Pima kila tuta peke yake. Mafundi wazuri pia hupishana sentimita kadhaa kati ya tuta moja na jingine.

Sasa kina. Tofali lililolazwa kwa ubavu lina kimo cha inchi 9, yaani karibu sentimita 23, kwa hiyo kozi mbili na mota yake ni kama sentimita 47 au 48. Hicho lakini si kina cha udongo. Kozi ya chini kwa kawaida imezama kidogo ardhini, na mchanga ndani ya tuta haukulala sawa: mafundi walisimama humo, wakamwaga mota humo, pengine kuna shimo upande mmoja na kichuguu upande mwingine. Laza ubao ulionyooka juu ya kuta mbili, uvuke tuta, kisha shusha tepu kutoka ubaoni hadi kwenye mchanga. Fanya hivyo mahali patano: karibu na kila kona, na katikati. Tuseme umesoma 44, 46, 45, 47 na 43. Jumla ni 225. Gawanya kwa 5, wastani ni sentimita 45.

Kwenye hizo 45, usijaze zote. Acha sentimita 5 juu. Udongo ukiwa sawa na ukingo wa tofali, kila ukimwagilia maji yatabubujika nje na kuondoka na mboji yako, na hutapata pa kuweka matandazo ya majani makavu, ambayo kwa jua la Kigamboni utayahitaji. Inabaki sentimita 40 za kujaza.

Hesabu yenyewe sasa ni fupi, mradi vipimo vyote viwe kwenye mita kabla ya kuzidisha. Sentimita 40 ni mita 0.40:

2.70 × 0.90 × 0.40 = 0.972

Tuta moja, basi, halifiki hata kubiki moja kamili. Matuta matatu ni kubiki 2.92. Ukisahau kugeuza sentimita na kuzidisha kwa 40 badala ya 0.40, utapata kubiki 97, na hilo utalishtukia mwenyewe. Hatari zaidi ni yule anayeandika 0.04, akapata ndoo chache na kudhani kazi ni ndogo.

Mimi shambani natumia njia nyingine ambayo haina nukta nyingi, na ningependa uikariri: sentimita moja ya kina kwenye mita moja ya mraba ni lita 10. Tuta lako lina mita za mraba 2.43 na kina cha sentimita 40, kwa hiyo ni 2.43 × 40 × 10, yaani lita 972. Kubiki moja ni lita 1,000, ambazo ni ndoo 50 zile kubwa za lita 20. Ukishaihesabu kwa ndoo, hakuna muuzaji wala kijana wa toroli atakayekuchanganya, maana ndoo kila mtu anaijua.

Nilijifunza thamani ya vipimo vya ndani kwa hasara. Miaka ya nyuma nilipimia matuta ya bustani ya shule moja maeneo ya Kibaha, ya tofali kama yako. Nilichukua vipimo kwenye karatasi ya fundi, nikaagiza gari, na matuta yalipojaa kilibaki kichuguu cha udongo kinachonifika kiunoni pembeni ya darasa. Wiki iliyofuata mvua za masika zilianza. Udongo mzuri wa juu, uliolipiwa kwa michango ya wazazi, ulitiririka mbele ya macho yangu hadi kwenye mtaro wa barabara. Tangu siku hiyo siagizi udongo kabla sijaingia ndani ya tuta na tepu.

Sasa, ukinunua kubiki 2.92 kamili, baada ya wiki mbili matuta yako yatakuwa yamepungua kwa kina cha kiganja. Udongo unaotupwa kwa beleshi umejaa hewa. Chembe zimekaa ovyo, zimeegemeana, na kati yake kuna nafasi kubwa. Maji ya kwanza yakipita, chembe ndogo huteleza na kuingia katikati ya kubwa, na kimo kinashuka. Ukichanganya udongo na mboji jambo hilo linaanza hata kabla ya maji: ndoo mbili za udongo na ndoo moja ya mboji ukizichanganya hazijazi ndoo tatu, kwa sababu udongo laini hujipenyeza kwenye matundu ya mboji.

Kiasi cha kushuka hutofautiana kati ya udongo na udongo, kwa hiyo usichukue namba ya mtu mwingine. Ipime kwa udongo utakaonunua. Mwombe muuzaji kiroba kimoja cha sampuli. Chukua ndoo kuukuu ya lita 20, mimina maji lita moja moja kwa kopo la lita, na kila lita kuanzia ya 13 hadi ya 18 weka alama kwa kalamu ndani ya ndoo. Mwaga maji, kisha toboa matundu machache chini kwa msumari. Halafu tia makopo 12 ya udongo na makopo 6 ya mboji, yaliyosawazishwa juu bila kushindiliwa, na uchanganye vizuri. Mwagilia polepole hadi maji yaanze kutoka chini, iache usiku mzima, kesho yake mwagilia tena. Siku ya tatu sawazisha juu na uone mchanganyiko umesimama kwenye alama gani.

Tuseme umesimama kwenye 15. Uliweka makopo 18 ukapata 15, kwa hiyo kila lita 15 unazotaka kuziona ndani ya tuta zinahitaji lita 18 za kununua. Gawanya 18 kwa 15, unapata 1.2: unaongeza moja ya tano. Kwa udongo wa kawaida wa bustani, mwepesi kiasi, mara nyingi jibu huangukia jirani na hapo. Ukikuta umeshuka hadi 13, mboji hiyo bado ni mbichi na imejaa majani yasiyooza. Mimi ningetafuta nyingine. Ukikuta haukushuka kabisa, angalia kama udongo huo si mchanga tu uliotiwa rangi na matope, kwani mchanga hushuka kidogo sana, na mchanga unao tayari.

Kwa moja ya tano hiyo, 2.92 × 1.2 ni kubiki 3.5. Hicho ndicho kiasi cha kununua, udongo na mboji kwa pamoja. Kwa mgawo wa udongo mbili na mboji moja, udongo ni kubiki 2.3 na mboji ni 1.2.

Najua wapo watakaokushauri ujaze mboji tupu, au nusu kwa nusu, kwa kuwa mboji ndiyo yenye rutuba. Mboji ni mabaki ya vitu vilivyokuwa hai, na kuoza kwake hakukomi ikifika kwako. Vijidudu huendelea kuila na kuigeuza hewa, na joto la pwani linawaharakisha. Tuta la mboji tupu lililojaa leo utalikuta limezama vibaya mwakani, mizizi ya bamia ikiwa imechungulia juu. Udongo wenye madini yake ndio unaoshikilia kimo. Theluthi moja ya mboji inatosha, tena kwa mchicha na figili hata robo inakutosha.

Kupunguza gharama kunawezekana, na njia ninayoipenda kwa kiwanja chako ni kutumia mchanga wako mwenyewe chini. Matuta yako hayana sakafu, kwa hiyo mizizi itaendelea kushuka. Ukijaza sentimita 10 za chini kwa mchanga wa hapohapo uliochanganywa na mboji kidogo, unaokoa mita za mraba 7.29 × 10 × 10, yaani lita 729, karibu robo tatu ya kubiki kabla hata ya kuongeza ile moja ya tano. Kwa mchicha, sukuma na vitunguu hutaona tofauti. Kwa nyanya na biringanya utaiona kiangazi, kwani mchanga hauhifadhi maji, kwa hiyo tuta moja kati ya matatu ningelijaza udongo mzuri hadi chini na kulitengea mimea hiyo. Migomba iliyokatwakatwa na makumbi ya nazi nayo hutumika. Migomba ni maji matupu. Itabonyea ndani ya miezi michache na tuta litashuka nayo, kwa hiyo nafasi yake ihesabu kuwa utailipia baadaye. Kokoto usiweke kabisa. Watu huamini zinasaidia maji kupita, lakini maji hukaa kwenye udongo juu ya kokoto na kukataa kushuka hadi udongo huo ushibe, na wewe utakuwa umepunguza kina cha mizizi kwa pesa yako.

Nirudi kwa muuzaji wako. Kubiki 3 na tani 3 ni vitu viwili tofauti. Kubiki ni nafasi, tani ni uzito. Kubiki moja ya udongo wa juu uliolegea wenye unyevu kidogo ina uzito wa kama tani 1.2 hadi 1.3, na ukilowa na mvua unazidi hapo. Kwa hiyo gari likibeba tani 3 za udongo, ndani kuna kubiki 2.5 tu au pungufu. Mboji ni nyepesi sana, mara nyingi nusu ya uzito wa udongo, na hubadilika uzito kwa kadiri ilivyolowa. Ndiyo maana mboji usinunue kwa kilo. Anayekuuzia mboji iliyolowa kwa kilo anakuuzia maji.

Njia ya haki kwenu wote wawili ni kupima bodi ya gari kabla halijapakia. Pima ndani: urefu, upana, na kimo ambacho udongo utafika ukisawazishwa. Bodi ya kenta yenye urefu wa mita 3.1, upana mita 1.7, udongo ukifika kimo cha sentimita 45, inabeba 3.1 × 1.7 × 0.45, yaani kubiki 2.37. Hilo ndilo hitaji lako la udongo karibu kamili. Wauzaji wengi wanaosema kenta ni kubiki 3 wanahesabu na kile kichuguu cha juu. Kichuguu kina udongo kweli, ila kimo chake kipo katikati tu na pembeni ni kidogo, na safari ya barabara mbovu hukibonyeza. Mwambie: "Nataka bodi ijae sawa na ubao, nitaisawazisha kwa beleshi nione." Mkubaliane bei kwa kubiki ulizozipima, na gari likifika lipime kabla halijabinua. Ukishamwagwa chini udongo haupimiki tena kwa urahisi.

Mboji inauzwa zaidi kwenye viroba. Kiroba kile cha kilo 50 za mchele, kikijazwa mboji na kufungwa mdomo, huchukua ndoo tatu na kitu. Unahitaji lita 1,200, ambazo ni ndoo 60, kwa hiyo nunua viroba 19 au 20. Kimoja kimimine kwenye ndoo mbele ya muuzaji ndipo ulipie vilivyobaki.

Sasa toroli. Vijana wako wawili, wa 10 na wa 20, kila mmoja anaweza kuwa mkweli kwa toroli lake. Toroli la kawaida la ujenzi mjini kwetu, udongo ukisawazishwa na ukingo, huchukua kama lita 65. Hapo kubiki moja ni 1,000 ÷ 65, yaani karibu toroli 15 na nusu. Ukilirundika hadi kichuguu linafika lita 80 au zaidi, na kubiki inakuwa toroli 12. Yapo matoroli makubwa ya lita 100, na kwa hayo kubiki moja ni toroli 10 kweli. Na kijana anayesukuma kwenye mchanga mlaini, gurudumu likizama, hatajaza: atatia lita 50, na kubiki itakuwa toroli 20. Pia wapo wenye matoroli yaliyobonyea mbele au yaliyokatwa na kuchomelewa upya, ambayo kipimo chake anakijua aliyeyachomelea tu.

Kwa hiyo usibishane nao kwa maneno. Siku ya kazi wachukue na toroli lao, uchukue ndoo yako ya lita 20, mmimine udongo mkihesabu. Ukiingia ndoo tatu na robo hadi ukingoni, hilo ni la lita 65. Kisha chora mstari ndani ya bakuli la toroli kwa rangi au mkaa kuonyesha kimo mlichokubaliana. Udongo wako kubiki 2.3 ni lita 2,300, gawanya kwa 65, ni toroli 36. Mboji lita 1,200 ni toroli 19. Jumla 55. Mboji kwa kuwa ni nyepesi wanaweza kuirundika, na hapo zitashuka hadi 15, jumla kama 51. Kama mboji imekuja kwenye viroba, kiroba kimoja ni karibu sawa na toroli moja, na wanaweza kuvibeba begani.

Ukifikiria uzito utawaelewa vijana pia. Lita 65 za udongo ni kama kilo 80, toroli lenyewe halijahesabiwa. Ukiwa umenyeshewa, zinakaribia kilo 100. Kwenye njia ya mchanga, mara 36, hiyo ni kazi ngumu. Kwa maoni yangu usiwalipe kwa toroli. Malipo ya toroli yanamsukuma mtu atie kidogo na aende mara nyingi, na wewe utashinda unahesabu badala ya kusimamia kuchanganya. Kubaliana nao bei ya kazi nzima: udongo wote kutoka barabarani, umechanganywa, umejaa kwenye matuta hadi alama uliyoiweka ukutani. Watandikie mbao chakavu kwenye sehemu zenye mchanga mlaini ili gurudumu lisizame, na utaona wanajaza toroli vizuri bila kuambiwa. Na udongo uje siku kavu.

Kama hata hivyo wanashikilia toroli, tumia tuta la kwanza kama mizani. Kila tuta linahitaji theluthi ya kubiki 3.5, yaani lita 1,167, ambazo ni toroli 18 za lita 65. Jaza tuta la kwanza peke yake hadi mwisho, mkichanganya humohumo: toroli mbili za udongo, moja ya mboji, geuza kwa beleshi, endelea. Likijaa kwa toroli 18, hesabu yenu inakwenda sawa. Likichukua 22, gawanya 1,167 kwa 22: kila toroli imebeba lita 53 tu. Hapo mnaongea kabla ya tuta la pili, mstari wa mkaa ukiwa shahidi. Likijaa kwa 14, wanarundika, na ni haki uwaongeze kitu. Siku hiyo ya kwanza, kabla hujamwagilia, udongo utasimama juu ya alama, karibu sawa na ukingo wa tofali au hata kuupita kidogo. Usiogope. Ile moja ya tano ndiyo unayoiona hapo, maji yataishusha. Mwagilia taratibu siku za mwanzo ili usimwagike pembeni.

Baada ya wiki mbili za kumwagilia, pima tena kutoka ukingo. Ukikuta sentimita 5 au 6, uko sawa, panda. Ukikuta 9 au 10, ongeza sentimita 4: mita za mraba 7.29 × 4 × 10 ni lita 292, yaani ndoo 15 kwa matuta yote. Na kila msimu mboji itaendelea kuisha, kwa hiyo tenga sentimita 3 za mboji mpya kabla ya kupanda tena, ambazo kwa njia ileile ni ndoo 11. Hizo unaweza kuzitoa kwenye shimo lako la mboji la jikoni bila kununua.

Kuna mambo ambayo tepu na ndoo haziwezi kukuambia. Kama sampuli ya udongo ina ukungu mweupe wa chumvi juu baada ya kukauka, au mbegu za mchicha zikiota kwenye kopo lake na kuungua ncha za majani, usiulete udongo huo nyumbani kwanza. Mwone afisa kilimo wa kata yako, au peleka sampuli ipimwe kwenye maabara ya udongo, kama ya TARI Mlingano kule Tanga au ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Ukitaka kuongeza kozi ya tatu na ya nne ya tofali, mwite fundi mwashi mzoefu aje auone ukuta, kwani udongo uliolowa husukuma pembeni na ukuta mrefu wa mita 3 usio na nguzo huanza kupinda katikati. Ufa wa wima katikati ya ukuta au mota inayoachia kwenye kona ndiyo dalili ya kwanza.

Na kama siku moja utataka tuta la namna hii juu ya zege la baraza au paa, usijaze hata toroli moja kabla mhandisi wa majengo hajaliona. Sentimita 40 za udongo uliolowa ni zaidi ya kilo 600 kwenye kila mita ya mraba, na sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba watu na samani wa kilo 150 hadi 200 kwa mita hiyo.